Tiketi ya mapema 350, ya kawaida 500: Hesabu ya kufanya kabla bango halijatoka

Bei ya tiketi huku mtaani mara nyingi huamuliwa kwa dakika mbili. Mmoja anasema soo tano, mwingine anasema hiyo ni mingi, wa tatu anakumbuka bango aliloliona wiki jana, na mwishowe mnaandika tarakimu katikati ya zile mbili. Halafu mnaongeza "tiketi ya mapema" kwa bei ya chini kidogo kwa sababu kila bango linayo. Siku ya shughuli watu wanakuja, wanapiga makofi, wanapiga picha. Saa kumi na mbili jioni mwenye spika anasimama mlangoni akingoja pesa zake, na kwenye simu ya mweka hazina hazitoshi.

Tuseme wewe na wenzako wanne mnataka kuandaa mazungumzo ya kulipia hapa Makina. Mada ni jinsi ya kuuza mitumba kupitia simu, na msemaji ni mtu aliyeanza na kibanda sokoni na sasa anatuma mizigo hadi kaunti nyingine. Ni Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Hamna mfadhili. Mnachotaka ni shughuli ijilipie yenyewe, na bila mmoja wenu kubaki na deni.

Hiyo hesabu inafanywa kwa karatasi moja na kalamu. Twende nayo hatua kwa hatua. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano. Ukumbi wako na spika zako zitakuwa na bei zake, lakini njia ni ile ile.

Gharama ni za aina mbili

Chora mstari katikati ya karatasi. Upande wa kushoto andika gharama ambazo utalipa hata akija mtu mmoja tu: ukumbi, spika na maikrofoni, msemaji, mabango, watu wa mlangoni. Upande wa kulia andika gharama zinazoongezeka kila mtu anapoingia: kikombe cha chai, mandazi, maji, karatasi, ukanda wa mkononi.

Bajeti yenu ya kwanza, ile ya ndoto, inaweza kuwa hivi. Ukumbi wa viti 120 ni 12,000. Spika na maikrofoni 6,000. Projekta 2,500. Msemaji pamoja na nauli 11,000. Mabango na bando la kutangaza mtandaoni 2,500. Jenereta ya akiba, maana stima ya mtaani tunaijua, 2,000. Watu wa mlangoni na usafi 2,000. Jumla ni 38,000. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya dharura, na ukikamilisha tarakimu unafika 42,000.

Upande wa kulia, chai na mandazi, chupa ya maji, karatasi na ukanda vinakula shilingi 100 kwa kila kichwa.

Sasa ndipo mtego unapokaa. Mtu mwenye haraka atagawanya kwa idadi ya viti. Watu 120 wanagharimu 42,000 na 12,000 za chai na maji, yaani 54,000. Gawanya kwa 120, unapata 450. "Wasee, 450 inatosha!" Bango linatoka.

Lakini viti havilipi. Wakija watu 60, gharama yenu itakuwa 42,000 na 6,000, yaani 48,000. Mapato ya tiketi 60 kwa bei ya 450 ni 27,000. Mmeingia shimo la 21,000, na ukumbi ulionekana umejaa nusu, si vibaya hata kidogo. Hakuna aliyeiba. Bei ilihesabiwa kwa watu ambao hawakuwepo.

Hesabu majina, si viti

Kwa hiyo swali la kwanza si bei. Swali la kwanza ni: watu wangapi watalipa, hata mambo yakienda vibaya kiasi?

Usilipate jibu kwa kuuliza kwenye kundi la WhatsApp nani atakuja. "Niko ndani" haina gharama, na mtu anaweza kuiandika akiwa kitandani. Fanya hivi: kila mmoja wenu watano aandike majina 20 ya watu anaowajua ambao mada hii inawagusa mfukoni. Si namba, majina. Mwenye kibanda fulani, dada anayeuza viatu kwa simu, jamaa aliyekuuliza juzi jinsi ya kutuma mzigo Nakuru. Halafu wapigieni. Mtajieni siku, saa, na kwamba kuna kulipa. Anayeuliza "mnalipia wapi?" abaki kwenye orodha. Anayesema "nitaona" mkatwe.

Tuseme katika majina 100 yamebaki 60. Hiyo ndiyo namba ya kujengea bei. Watakaoletwa na bango, au na rafiki wa rafiki, ni baraka ya juu. Wasiingie kwenye hesabu.

Rudi sasa kwa bajeti ya ndoto. Kwa watu 60 gharama ni 48,000, na kila mmoja anatakiwa kubeba 800. Hapa Makina, kwa kijana ambaye kibarua cha siku nzima hakimpi zaidi ya hapo sana, hiyo ni pesa ya kufikiria mara mbili. Na kwa yule anayetoka Kawangware bei si 800. Ni 800 na nauli ya kuja na kurudi, pamoja na mauzo ya Jumamosi mchana aliyoyaacha kwenye kibanda chake.

Mkifika hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha namba ya watu: "aah, watakuja tu 100." Hiyo ni kujidanganya kwa kalamu. Ya pili ni kurudi upande wa kushoto wa karatasi na kukata.

Kata gharama kabla ya kupandisha bei

Kwa watu 60 hamhitaji viti 120. Ukumbi wa viti 80, wa kanisa au wa shule ambayo Jumamosi mchana haina kazi, tuseme ni 7,000. Ukumbi mdogo unahitaji spika ndogo: 4,000, na ukikodi spika zenye betri unaweza kuachana na jenereta. Projekta iende, anayefundisha kuuza nguo anaweza kuleta nguo zenyewe. Mabango yawe machache, 1,500. Mlangoni na usafi ibaki 2,000.

Msemaji ndiye gharama nyeti zaidi. Kibera si ngeni kwa mazungumzo ya jukwaani. Mwaka 2009 kulifanyika TEDxKibera hapa hapa. Katika mfumo wa TEDx msemaji halipwi, na kanuni zao huweka kikomo cha bei ya tiketi, dola 100. Lakini anayezungumza huko anapata video yenye jina linalojulikana dunia nzima. Nyinyi hamna jina hilo la kumpa, na mnawatoza watu ili wamsikie yeye. Mlipeni. Mwambieni ukweli kuhusu bajeti, mkubaliane 7,500 pamoja na nauli, na kiasi hicho kiandikwe kabla jina lake halijawekwa kwenye bango.

Jumlisha: 7,000, 4,000, 7,500, 1,500 na 2,000 ni 22,000. Weka 2,000 ya dharura. Upande wa kushoto sasa ni 24,000.

Upande wa kulia, ondoeni maji ya chupa. Kikombe cha chai na mandazi mbili ni 40, karatasi na ukanda ni 10. Kila kichwa ni 50.

Kwa watu 60 gharama yote ni 24,000 na 3,000, yaani 27,000. Gawanya kwa 60: 450. Ni bei ile ile iliyowadanganya mwanzoni, ila safari hii imesimama juu ya watu mnaowajua kwa majina.

450 si bei ya tiketi ya kawaida

Hapa ndipo wengi huanguka mara ya pili. Wanachukua ile 450, wanaifanya bei ya kawaida, kisha wanashusha tiketi ya mapema hadi 350. Lakini 450 ni wastani. Kila anayeingia kwa 350 ameacha pengo la shilingi 100, na ni lazima mtu mwingine alilipie kwa kutoa zaidi ya 450. Kama hakuna anayelipa zaidi, pengo ni lenu.

Basi bei ya mapema ikae chini ya wastani na ya kawaida ikae juu yake. Tuseme 350 na 500. Kisha angalia kila tiketi inabeba mzigo kiasi gani. Tiketi ya mapema inaleta 350; toa 50 za chai na karatasi, zinabaki 300 za kusaidia ukumbi, spika na msemaji. Tiketi ya kawaida inaleta 500. Toa 50, zinabaki 450. Mzigo wote ni 24,000.

Mkiuza tiketi 20 za mapema, zimebeba 6,000. Zimebaki 18,000. Gawanya kwa 450: mnahitaji tiketi 40 za kawaida. Ishirini na arobaini ni 60. Mmetoka sare.

Sasa jaribu kuuza tiketi za mapema bila kikomo, kwa sababu "watu wanazitaka". Gawanya 24,000 kwa 300. Mnahitaji watu 80. Yaani mjaze ukumbi mzima, kiti hadi kiti, ili tu mtoke sare. Wakija wale 60 wenu, wote kwa 350, mtakuwa na 21,000 dhidi ya gharama ya 27,000. Pengo ni 6,000, karibu malipo yote ya msemaji.

Ndiyo maana tiketi ya mapema huwekewa mipaka miwili kwa pamoja: idadi na tarehe. Tiketi 20, au hadi tarehe fulani, chochote kitakachotangulia. Bango likitaja tarehe pekee, hamna breki.

Kwa nini 20, si 10 wala 40?

Tiketi ya mapema haipo kwa ajili ya kuwafurahisha watu. Ina kazi mbili. Inaleta pesa mapema, kabla hamjalipa chochote kwa mfuko wenu. Na inawaonyesha mapema kama mada yenu inauza.

Kwa hiyo idadi yake inatokana na bili za mwanzo. Mwenye ukumbi anataka nusu kama arbuni, 3,500. Mwenye spika anataka 2,000 ndipo afunge tarehe. Mabango ni 1,500. Jumla ni 7,000. Gawanya kwa 350: tiketi 20 kamili.

Angalieni mpangilio huo. Tiketi 20 za kwanza zinauzwa kwa ujumbe wa simu, kwa yale majina mliyopigia, kabla bango halijachapishwa. Mwombeni mwenye ukumbi awashikie tarehe kwa siku chache bila malipo. Mkongwe wa kukodisha ukumbi ameshazoea. Kinachomuudhi ni mtu anayepotea kimya. Mwambieni: "Mzee, tushikie hiyo Jumamosi hadi tarehe 3. Tusipoleta arbuni siku hiyo, mpe mwingine." Na mkiwa hapo, mwulizeni arbuni inarudi hadi siku gani mkighairi. Jibu lake mliandike, maana mtalihitaji baadaye.

Tarehe ya mwisho ya tiketi ya mapema nayo ina siri yake: iwe siku mbili au tatu baada ya mwisho wa mwezi, si kabla. Ukifunga tarehe 25, umemfungia nje mtu anayelipwa tarehe 30. Ukifunga tarehe 3, umempata akiwa na kitu mfukoni. Kisha shughuli yenyewe iwe wiki tatu au nne mbele, ili tiketi za kawaida nazo zipate siku za kuuzika, na ikiwezekana mwisho wa mwezi mwingine. Hapa Makina angalia pia kalenda ya Ramadhani. Chai na mandazi saa tisa mchana katika mwezi huo ni pesa mliyomwaga, na wateja wenu wengi watakuwa wamefunga.

Tofauti ya bei iwe ya kuhisika

Kwa nini 350 na 500, si 450 na 500? Kwa sababu shilingi 50 hazimwamshi mtu. Atasema atanunua wiki ijayo, na hiyo tofauti ataiona kama bei ya kutojisumbua. Tofauti ya 150 ni chakula cha mchana na nauli. Hiyo mtu anaihisi.

Na kwa nini si 200 na 500? Fanya hesabu ya mzigo: tiketi ya 200 inabeba 150 tu. Ishirini za namna hiyo zinabeba 3,000, na sasa mnahitaji tiketi 47 za kawaida badala ya 40. Zaidi ya hapo, aliyelipa 500 akikaa karibu na aliyelipa 200 atajiona amepigwa. Wataongea, hilo usiwe na shaka.

Soo tano yenyewe ina faida nyingine. Ni noti moja, kwa hiyo hakuna kutafuta chenji mlangoni. Na kwenye M-Pesa, kutuma kiasi cha kati ya 101 na 500 kwa mtu hutozwa shilingi 7, lakini ukivuka 500 ada inaruka hadi 13. Ukiweka bei ya 550 na watu watume kwa namba yako ya kawaida, mnunuzi anaona 563. Mkiwa na namba ya tili ya Buy Goods, mnunuzi hatozwi; mwenye tili ndiye anayekatwa, kama nusu asilimia hivi. Kwa mapato ya 27,000 hiyo ni karibu 150. Itoeni kwenye ile akiba ya dharura na muendelee.

Mlangoni siku yenyewe, wekeni 600. Si kwa sababu mnategemea hiyo pesa. Isiingie kwenye bajeti hata senti. Ni kwa sababu bei ya mlangoni ikiwa sawa na ya kawaida, hakuna sababu ya mtu kulipa kabla, na nyinyi mtafika asubuhi ya Jumamosi hamjui mwagize mandazi mangapi.

Tarehe ya mapema ikifika na zimeuzwa 12

Hili hutokea. Mkono utawasha kuandika: "Kwa maombi ya wengi, tumeongeza muda." Usiandike. Waliolipa kwa wakati watajua walikimbizwa bure, na waliobaki watajua kwamba tarehe zenu ni maneno tu. Kuanzia hapo watu wangoje dakika ya mwisho, na mtawalaumu vipi?

Badala yake rudi kwa karatasi. Tiketi 12 za mapema zimebeba 3,600. Zimebaki 20,400, ambazo kwa 450 ni tiketi 46 za kawaida. Jumla ya watu mnaohitaji ni 58. Ajabu, imeshuka! Watu wachache wakinunua kwa bei ya chini, idadi ya kutoka sare inapungua. Kwa hiyo tatizo lenu si faida. Matatizo yenu ni mawili mengine: mkononi mna 4,200 badala ya 7,000, na majina manane yaliyosema "mnalipia wapi?" hayakulipa.

La kwanza linatatuliwa kwa mazungumzo. Lipeni arbuni ya ukumbi, 3,500, na mwombeni mwenye spika angoje wiki moja. Mabango yaende mtandaoni kwanza, ya karatasi baadaye. La pili ni la kupigia simu. Waulizeni wale wanane kwa upole ni nini kilichowazuia: ni siku, saa, bei au mada? Majibu manane ya kweli yatawafaa kuliko mabango mia.

Siku ya uamuzi

Chagueni siku moja, tuseme siku kumi kabla ya shughuli, na muiite siku ya uamuzi. Siku hiyo mnakaa na karatasi na kujibu swali moja: tuendelee au tughairi?

Tuseme mmeuza tiketi 30: 20 za mapema na 10 za kawaida. Mmepokea 7,000 na 5,000, jumla 12,000. Katika hizo, 7,000 zimekwenda kwa arbuni na mabango, na mwenye ukumbi alisema arbuni hairudi ndani ya wiki mbili za mwisho. Mkononi mna 5,000.

Mkighairi, mnatakiwa kuwarudishia watu 30 pesa zao zote 12,000, pamoja na ada ya kutuma shilingi 7 kwa kila mmoja, yaani 210. Mnapungukiwa na 7,210. Hiyo ndiyo bei ya kughairi.

Mkiendelea na mwishowe wakalipa watu 45, tiketi 20 za mapema zinabeba 6,000 na 25 za kawaida zinabeba 11,250. Jumla ni 17,250 dhidi ya mzigo wa 24,000. Pengo ni 6,750, na kama akiba ya dharura haijaguswa, pengo ni 4,750.

Umeona? Kuendelea na watu 45 kunauma kidogo kuliko kughairi, na watu wamepata walichokuja kutafuta. Kwa hiyo mpaka wenu si 60. Siku ya uamuzi, kama mnaamini kwa ushahidi, si kwa matumaini, kwamba mtafika 45, endeleeni. Kama mauzo yamesimama kwenye 30 kwa wiki nzima na simu hazijibiwi, rudisheni pesa siku hiyo hiyo. Msingoje hadi Ijumaa usiku.

Ndiyo maana swali la nani atalipa pengo lisiachwe hadi pengo litokee. Katika kikao cha kwanza, mkiwa bado marafiki, andikeni: hasara ikitokea tunagawana sawa kwa watano, na haizidi 1,500 kwa kila mtu. Mara tano hiyo ni 7,500, inayotosha kufunika kughairi na pia kuendelea na watu 45. Asiyeweza kubeba 1,500 aseme sasa, asaidie kwa kazi ya mikono, na wengine wajue.

Kumbukeni pia kwamba pesa ya tiketi ya mapema si yenu hadi msemaji ashuke jukwaani. Iwe kwenye tili au laini yake peke yake, isichanganywe na pesa za nyumbani za mweka hazina. Hata mtu mwaminifu akiona 7,000 kwenye simu jioni ya mwisho wa mwezi atakopa soo mbili "hadi kesho".

Mianya ya mlangoni

Mbili ndizo hula mapato bila kelele. Ya kwanza ni tiketi za bure. Hapa mtaani kila mtu ana binamu, na kila binamu anaamini jina lako ni tiketi. Mtu wa bure anawagharimu 50 za chai. Lakini kama ni mtu ambaye angelipa, amewatoa 450 za mzigo. Wekeni idadi kwenye karatasi, tuseme tano, na majina yake. Binamu wa sita alipe, hata akinuna.

Ya pili ni ujumbe wa M-Pesa wa kuonyeshwa. Jumbe za malipo huweza kughushiwa, au mtu akaonyesha ule wa rafiki yake aliyekwisha kuingia. Mtu wa mlangoni asisome simu ya mgeni. Awe na orodha ya malipo iliyotoka kwenye simu yenye tili, amtafute mtu kwa jina au tarakimu za mwisho za simu, amkate kwa kalamu, ndipo amfunge ukanda.

Baada ya shughuli, kabla hamjaondoka ukumbini, jazeni karatasi ile ile kwa tarakimu za kweli: wangapi walilipa 350, wangapi 500, wangapi 600 mlangoni, na ni majina mangapi kati ya yale 60 ya mwanzo yaliyokuja kweli. Wakijaa viti vyote 80, ishirini wakiwa wa mapema na 60 wa kawaida, mzigo uliobebwa ni 33,000 na mmebaki na 9,000. Hiyo si ya kugawana jioni hiyo. Ni arbuni ya ukumbi, spika na mabango ya mazungumzo yajayo, na maana yake ni kwamba mara ya pili mnaweza kuuza tiketi chache zaidi za 350, au msiziuze kabisa.

Na kama majina yaliyokuja ni 40 tu kati ya 60, basi hiyo ndiyo namba yenu halisi. Bajeti ijayo ianzie hapo.